Kotisoli ya juu katika wiki ya 31 ya ujauzito: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa kinachochambuliwa hapa si cha mgonjwa mmoja halisi. Kimeundwa kutokana na hali inayojirudia katika kliniki za wajawazito na za magonjwa ya homoni, na namba zake zimechaguliwa ili hoja ionekane wazi. Mwenendo wa homoni unaoelezwa, hata hivyo, ndio unaotokea mwilini, na maamuzi yaliyofuata ndiyo ambayo daktari bingwa wa homoni hulazimika kuyafanya anapoletewa karatasi ya majibu ya aina hii.

Mwanamke wa miaka 34, mwenye ujauzito wa pili, alifika kliniki akiwa na wiki 31. Uzito wake ulikuwa umeongezeka kilo 16, uso ulikuwa umejaa, na tumboni palikuwa na michirizi mingi. Shinikizo la damu lilikuwa 146/94, ilhali katika wiki za mwanzo lilikuwa la kawaida, na sukari ya damu kabla ya kula ilikuwa milimoli 5.9 kwa lita, kiwango kinachotosha kuitwa kisukari cha ujauzito. Mkojo haukuwa na protini. Aliyemwona aliunganisha uso wa mviringo, michirizi, shinikizo na sukari, akashuku ugonjwa wa Kushing, yaani hali ya mwili kuzalisha kotisoli, homoni ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo, kupita kiasi kwa muda mrefu. Akaagiza vipimo ambavyo angemwagizia mtu yeyote mwenye dalili hizo.

Majibu yalikuja yakiwa na alama ya juu kila mahali. Kotisoli ya damu ya saa 2 asubuhi ilikuwa nanomoli 1,010 kwa lita, wakati mpaka wa juu wa maabara ulikuwa karibu 690. Baada ya kumeza saa 5 usiku miligramu 1 ya deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo kwa mtu mwenye afya huizima kotisoli, kotisoli ya asubuhi iliyofuata ilikuwa 165, ilhali ilipaswa kushuka chini ya 50. Kotisoli huru katika mkojo wa saa 24 ilikuwa mara 1.9 ya mpaka wa juu. Kwa mtu asiye mjamzito, vipimo vitatu vinavyokubaliana namna hiyo vingetosha kuanza kutafuta uvimbe unaoleta hali hiyo. Kwa mwanamke huyu havikutosha, na sababu si ileile kwa vipimo vyote vitatu. Hilo ndilo linalostahili kuelezwa kwa nafasi, kwa kuwa mara nyingi husemwa kwa ufupi tu kwamba homoni hupanda katika ujauzito, kana kwamba kuna jambo moja tu linalotokea.

Tuanze na kotisoli ya damu. Kotisoli nyingi iliyomo katika damu haifanyi kazi wakati huo, kwa sababu imeshikwa na protini. Sehemu kubwa imeshikwa na globulini maalumu inayotengenezwa na ini kwa ajili ya kuibeba, sehemu ndogo imeshikwa kwa ulegevu na albumini, na asilimia chache tu ndizo zilizo huru. Ni hizo zilizo huru ndizo zinazoingia katika chembe hai na kufanya kazi ya homoni, na ndizo ambazo ubongo na tezi ya pituitari iliyo chini yake huzihisi ili kuamua kama uzalishaji uongezwe au upunguzwe. Kipimo cha kawaida cha maabara, kwa upande wake, hakitofautishi: huhesabu kotisoli yote, iliyoshikwa na iliyo huru kwa pamoja.

Katika ujauzito estrojeni hupanda sana na kulisukuma ini kutengeneza globulini hiyo kwa wingi, hadi ifikapo miezi mitatu ya mwisho huwa mara mbili hadi tatu ya kiwango cha kawaida. Globulini mpya hunyakua kotisoli iliyo huru, pituitari huona imepungua na kuamuru tezi za adrenali zizalishe zaidi, na mfuko wa kotisoli iliyoshikwa hujaa hadi ulinganifu mpya upatikane. Mwishoni jumla imepanda sana, ingawa sehemu huru haijapanda kwa kiasi hicho. Mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupatwa na jambo hilohilo, na ndiyo maana hushauriwa aviache kwa takriban wiki 6 kabla ya kupimwa kotisoli ya damu.

Tofauti hii inaweza kukadiriwa kwa mlinganyo unaojulikana kwa jina la Coolens, ambao hukisia kotisoli huru (U) kutokana na kotisoli yote (T) na globulini (G), zote zikiwa katika mikromoli kwa lita:

```
Z = 0.0167 + 0.182 × (G − T)
U = √(Z² + 0.0122 × T) − Z
```

Mtu asiye mjamzito mwenye kotisoli ya 0.40 na globulini ya 0.80 hupata kotisoli huru ya takriban nanomoli 24 kwa lita. Mwanamke wa kisa hiki, aliye na kotisoli ya 1.01, tukichukulia kuwa globulini yake ni 1.80, hupata takriban 35. Sasa tuchukue kotisoli ileile ya 1.01 na kuiweka kwa mtu mwenye globulini ya kawaida ya 0.80: jibu linaruka hadi takriban 135. Karatasi za maabara za watu hao wawili wa mwisho zingeonyesha namba moja, lakini tishu za mmoja zinaogelea katika kotisoli karibu mara nne ya zile za mwenzake. Globulini inapojaa, kila nyongeza ya kotisoli hukosa pa kushikiliwa na kubaki huru, na hapo ndipo madhara ya Kushing huanzia.

Mlinganyo huu usichukuliwe kuwa kipimo cha mgonjwa. Katika ujauzito projesteroni nayo hugombea nafasi katika globulini ileile na kuisukuma kotisoli nje, kwa hiyo makadirio huwa chini kidogo ya hali halisi. Hata hivyo unatuambia jambo tunalolihitaji: ile 1,010 haina uzito wowote kama ushahidi wa Kushing. Kwa maoni yangu kipimo hicho kisingeagizwa kabisa katika wiki ya 31, kwa sababu hakuna jibu lake ambalo lingebadilisha uamuzi.

Ukisoma jibu la 35 dhidi ya 24, utaona pia kwamba kotisoli huru yenyewe imepanda. Hapo ndipo maelezo ya globulini yanapofikia mwisho wake. Kama globulini ingekuwa ndiyo sababu pekee, pituitari ingerekebisha mambo hadi sehemu huru irudi palepale ilipokuwa, na kipimo cha mkojo, ambacho hupima tu kotisoli iliyo huru inayochujwa na figo, kingekuwa cha kawaida. Hakikuwa cha kawaida, na katika ujauzito wa wiki nyingi mara nyingi huwa juu.

Sababu ya pili inatoka katika kondo la nyuma. Kondo hutengeneza homoni ya CRH, ileile ambayo kwa kawaida hutolewa na sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi ili kuiamuru pituitari itoe homoni ya ACTH, ambayo nayo huzisukuma tezi za adrenali. CRH ya kondo huanza kuongezeka polepole, kisha katika miezi mitatu ya mwisho hupanda kwa kasi kubwa na kuwa mara nyingi sana ya kiwango cha mtu asiye mjamzito. Sehemu kubwa yake hushikwa na protini yake maalumu, na hilo hupunguza makali, lakini protini hiyo hushuka wiki chache kabla ya kujifungua na kuiacha CRH nyingi ikiwa huru. Tezi za adrenali, zikiwa zimesukumwa kwa miezi kadhaa, nazo hukua kidogo na kuitikia zaidi.

Kinacholeta utata mkubwa ni jinsi kondo linavyoitikia kotisoli. Haipothalamasi ikiona kotisoli imezidi, hupunguza CRH. Kondo hufanya kinyume: kotisoli huliongezea uzalishaji wa CRH. Kwa hiyo ndani ya mwili mmoja kuna vyanzo viwili vya homoni moja, kimoja hunyamaza kinapokemewa na kingine hupandisha sauti. Matokeo yake ni kwamba mama mwenye afya njema, mwishoni mwa ujauzito, ana kotisoli huru iliyozidi kweli, na mkojo wa saa 24 unaweza kuonyesha hadi mara tatu ya mpaka wa juu wa kawaida. Hilo si kosa la kipimo. Kimepima sawasawa kitu ambacho kimepanda sawasawa. Kinachopotosha ni mpaka uliochapishwa pembeni, ambao ulitokana na watu wasio wajawazito.

Mtu anaweza kuuliza mbona basi kila mjamzito hapati sura na madhara ya Kushing. Sehemu ya jibu inadhaniwa kuwa projesteroni, ambayo hushindana na kotisoli hata kwenye vipokezi vyake na kupunguza nguvu yake katika tishu. Sehemu nyingine ni muda, kwani kotisoli huwa juu kwa miezi michache tu. Na kwa kiasi fulani, kusema kweli, kila mjamzito huzipata kidogo: michirizi, uso kujaa, sukari inayopanda kwa urahisi. Mtoto analindwa kwa njia tofauti, kwa kuwa kondo lina kimeng'enya kinachogeuza kotisoli nyingi ya mama kuwa kotisoni isiyo na nguvu kabla haijamfikia.

Kuhusu kipimo cha deksamethasoni, ambacho wengi hukiamini kuliko vingine, makosa yote mawili hukutana humo na kuongezewa la tatu. Kipimo hiki hutegemea kwamba dawa itaidanganya pituitari iamini kotisoli ipo tele, hivyo inyamaze, na kufikia asubuhi tezi za adrenali ziwe zimelala. Katika wiki ya 31 CRH ya kondo haisikii amri hiyo na huendelea kuisukuma pituitari. Kotisoli kidogo inayobaki hupimwa kwa jumla, pamoja na ile iliyoshikwa na globulini nyingi, kwa hiyo mabaki madogo huonekana makubwa. Tena ini la mjamzito huivunja deksamethasoni haraka zaidi, kwa sababu kimeng'enya kinachohusika huongezeka nguvu katika ujauzito, na kiasi cha dawa kinachobaki usiku kucha huwa pungufu. Jibu la 165 kwa mwanamke huyu, kwa hiyo, ndilo ambalo tungelitarajia kwa wengi wa wajawazito wa umri huo wa mimba ambao hawana ugonjwa wowote. Mwongozo wa uchunguzi wa Kushing uliotolewa na chama cha madaktari wa homoni cha Marekani mwaka 2008 ulipendekeza kipimo cha mkojo badala ya deksamethasoni kwa wajawazito kwa sababu hizi.

Hata huo mkojo una masharti. Katika miezi ya kati na ya mwisho, kiwango kinachochukuliwa kuwa cha kutia shaka ni kile kinachozidi mara tatu ya mpaka wa juu wa kawaida. Jibu la mara 1.9 liko ndani ya eneo la mjamzito mwenye afya. Ni lazima pia mkojo uwe umekusanywa kikamilifu, jambo linaloonekana kwa kupima ndani yake kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwa kiasi kinachokaribiana kila siku, na ni vema ukusanywaji urudiwe. Mjamzito anayeamka usiku mara kwa mara husahau chupa kwa urahisi, na chupa iliyokosa mikojo miwili hutoa jibu la chini linalofariji bila haki.

Baada ya kuviweka pembeni vipimo hivyo, daktari bingwa wa homoni alirudi kwa mgonjwa mwenyewe. Dalili ambazo ujauzito na Kushing hushirikiana, yaani uzito, uso, shinikizo, sukari na michirizi tu yenyewe, hazisaidii kutofautisha. Alitafuta zile ambazo ujauzito hauzileti. Michirizi ya Kushing huwa mipana, zaidi ya sentimita 1, yenye rangi ya zambarau iliyokolea, na huonekana hata mikononi na kwapani; ya mwanamke huyu ilikuwa myembamba, ya waridi, na ilikuwa pale tu tumbo lilipotanuka. Ngozi ya nyuma ya mikono haikuwa nyembamba, na hakuvilia damu kwa migongano midogo. Aliweza kusimama kutoka kwenye kiti bila kujishika, kwa hiyo misuli ya mapaja haikuwa imedhoofika. Potasiamu ya damu ilikuwa ya kawaida. Aliulizwa pia kwa makini kuhusu dawa za pumu za kuvuta, sindano za viungo na krimu za ngozi, kwa kuwa dawa za jamii ya steroidi zinaweza kuleta sura ya Kushing na pia kuharibu vipimo. Hakuwa ametumia yoyote.

Kilichobaki kupimwa ni mpangilio wa saa. Kotisoli hupanda alfajiri na kushuka usiku, na mpangilio huu hubaki katika ujauzito, ingawa mstari wote umeinuliwa juu. Katika Kushing mpangilio hupotea mapema: kotisoli ya usiku hukataa kushuka. Mate ndiyo njia nzuri ya kuutazama, kwa kuwa globulini haingii katika mate na kinachopimwa ni kotisoli iliyo huru. Mwanamke alitoa mate nyumbani saa 5 usiku kwa siku mbili, na mara moja asubuhi. Ya asubuhi ilikuwa nanomoli 17 kwa lita, za usiku zilikuwa 5.1 na 4.6. Maabara ilizipa za usiku alama ya juu, kwa kuwa mpaka wake ulikuwa 4. Lakini tafiti zilizowapima wajawazito zimependekeza mpaka wa juu zaidi kwa miezi ya mwisho, karibu nanomoli 7 hadi 8, na muhimu zaidi, kutoka asubuhi hadi usiku kotisoli yake ilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili.

Kipimo cha mate nacho kina mitego yake midogo. Fizi za wajawazito hutoka damu kwa urahisi, na damu kidogo ndani ya mate huleta kotisoli ya jumla mahali ambapo palitakiwa pawe na iliyo huru pekee, kwa hiyo haifai kupiga mswaki muda mfupi kabla ya kutoa sampuli. Krimu yenye haidrokotisoni ikiwa vidoleni huweza kuchafua sampuli na kuipandisha kwa kiwango cha kutisha.

Swali la kupiga picha lilijitokeza, na uamuzi ulikuwa kutopiga. Pituitari hukua katika ujauzito kwa sababu ya chembe zinazotengeneza homoni ya maziwa, na watu wengi wenye afya wana vivimbe vidogo humo visivyo na maana. Picha inayopigwa bila uthibitisho wa homoni huzua ugonjwa mpya wa kutafutiwa maelezo. Hata ACTH ingekuwa msaada hafifu: nje ya ujauzito, ACTH iliyozimika huelekeza kwenye uvimbe wa tezi ya adrenali, lakini kwa mjamzito msukumo wa kondo huweza kuiacha isizimike hata uvimbe huo ukiwepo. Jambo hili lina uzito kwa sababu wajawazito wachache wenye Kushing ya kweli hutofautiana na wagonjwa wengine: takriban nusu yao chanzo ni adrenali, ilhali kwa wasio wajawazito pituitari ndiyo inayoongoza kwa mbali.

Ingekuwa tofauti kama michirizi ingekuwa mipana na ya zambarau, potasiamu ikiwa chini, mkojo ukizidi mara tatu, na mate ya usiku yakikaribiana na ya asubuhi. Hapo kusubiri kungekuwa kosa, kwa kuwa Kushing isiyotibiwa huongeza hatari ya shinikizo kali, dalili za awali za kifafa cha mimba na kuzaliwa kwa mtoto kabla ya wakati. Tezi za adrenali zingetazamwa kwa ultrasaundi au kwa picha ya sumaku bila dawa ya kung'arisha, na upasuaji ungejadiliwa, ingawa wakati wake mzuri zaidi, miezi mitatu ya kati, ungekuwa umeshapita.

Mwanamke huyu alitibiwa kwa kile alichokuwa nacho hakika: shinikizo la damu la ujauzito na kisukari cha ujauzito. Mkojo na mate vilirudiwa katika wiki ya 34 na havikuwa vimepanda kwa kiasi cha kutia shaka. Katika faili iliandikwa wazi kwamba endapo angepewa sindano za betamethasoni kwa ajili ya mapafu ya mtoto, kipimo chochote cha kotisoli kingeahirishwa, kwa kuwa dawa hiyo huzizima tezi zake kwa muda. Hazikuhitajika, alijifungua katika wiki ya 38.

CRH ya kondo hutoweka katika damu ndani ya siku moja au mbili baada ya kondo kutoka, lakini globulini huchukua wiki kadhaa kushuka, na mfumo wa pituitari na adrenali nao huhitaji muda kuitikia deksamethasoni kama zamani. Kwa hiyo kipimo kilipangwa wiki ya 8. Mkunga aliyempa ushauri wa uzazi wa mpango aliombwa asimwanzishie vidonge vyenye estrojeni kabla ya hapo, kwani vingeirudisha globulini juu na kulirudisha jibu la uongo. Baada ya miligramu 1 ya deksamethasoni kotisoli ilishuka hadi 28, na mate ya usiku yalikuwa 1.7. Shinikizo lilikuwa limerudi 118/76 bila dawa, na utambuzi wa Kushing ukafutwa katika faili lake.